Simu Inayomkumbuka Mwenyewe wa Kwanza

Jioni moja jirani yangu hapa Engutoto alibisha hodi, akaingia ameshika simu yake kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kuku aliyekufa. "Mama, hebu nitazamie hii," alisema. "Inadai barua pepe ya mtu nisiyemjua."

Simu hiyo aliinunua mjini miezi mitatu kabla, kwa shilingi 180,000 alizopata kikoba kilipovunjwa. Walimu wa mwanawe walikuwa wameanza kutuma kazi za nyumbani kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, na simu yake ya vitufe haikuwa na uwezo huo. Kijana wa dukani alimwekea laini, akafungua WhatsApp kwa namba yake, akampigia ili asikie mlio. Kila kitu kilikuwa sawa. Mama wa watu akalipa, akapanda daladala ya Njiro, akarudi nyumbani amefurahi.

Simu ikafanya kazi vizuri hadi siku ile kitinda mimba alipobadilisha mchoro wa kufungulia kioo, kisha akausahau. Kaka yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, akajitia ufundi. Aliizima simu, akabana kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti, kikatokea kioo cheusi chenye maandishi madogo, akachagua kufuta kila kitu. Simu ikawaka kama mpya. Ikauliza lugha, ikaomba intaneti, halafu ikasimama hapa:

`This device was reset. To continue, sign in with a Google Account that was previously synced on this device.`

Maana yake ni kwamba simu imefutwa, na ili kuendelea, ingia kwa akaunti ya Google iliyokuwa imesajiliwa humu hapo kabla. Jirani yangu hakuwahi kuwa na akaunti ya Google maishani mwake.

Kufuta hakufungui

Wengi wetu tunadhani kwamba simu ikifutwa yote inakuwa haina mwenyewe. Zamani ilikuwa hivyo, na wezi walineemeka. Ndipo watengenezaji wakaweka kinga. Kampuni ya Apple ilianza mwaka 2013 kwa simu zake za iPhone, na Google ikafuata mwaka 2015 kwa simu za Android, yaani Samsung, Tecno, Infinix, itel na nyingi nyingine tunazoziona madukani.

Chukua mfano wa nyumba. Unaweza kutoa vyombo vyote, kupaka rangi na kubadilisha mapazia, lakini daftari la mjumbe bado lina jina la mwenye nyumba. Ndani ya simu ya Android kuna sehemu ndogo iliyotengwa ambayo kufuta kwa vitufe hakuigusi, na hapo ndipo alama ya akaunti ya mwenye simu inapokaa. Mtu akifuta simu kwa vitufe bila kuifungua kwanza, simu inamshuku kuwa ni mwizi. Inapowaka inataka mchoro au namba ya siri ya zamani, au akaunti ile ya zamani pamoja na neno lake la siri. Kwa hiyo kufuta kwenyewe ndiko kunakoamsha kufuli hili. Kabla ya hapo limelala kimya, nawe hulioni.

Kinga hii huwapo pale simu inapokuwa na akaunti ya Google ndani yake na kioo kimewekewa mchoro au namba ya siri. Jirani yangu alikuwa na vyote viwili bila kujua. Akaunti ilikuwa ya mwenye simu wa kwanza, ambaye aliiuza bila kuiondoa, na kijana wa dukani naye hakujali. Mchoro aliuweka mwenyewe. WhatsApp haikumshtua kwa sababu yenyewe hufuata namba ya laini wala haina haja na akaunti ya Google. Laiti angekuwa ameweka humo akaunti yake mwenyewe, siku ile simu ingeikubali.

Walivyoifungua

Tulirudi naye dukani kesho yake. Kijana, sina budi kumsifu kwa hili, hakukataa. Alikuwa na namba ya mtu aliyemuuzia, mwalimu aliyekwisha kuhamia Babati. Tukampigia, tukasalimiana, tukamweleza. Alisikitika kweli, lakini neno la siri alikuwa amelisahau. Akalibadilisha palepale kwa simu yake mpya, akatusomea. Tukaandika herufi kwa herufi. Simu ikakataa.

Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa au hudhani wamedanganywa. Kumbe Google ina utaratibu wake: neno la siri likishabadilishwa, hapana budi zipite saa 24 kabla ya kulitumia kufungulia simu iliyofutwa. Ukibadilisha tena kwa hasira, unaanza kuhesabu upya. Tuliiweka simu kabatini. Siku ya pili jioni tukampigia tena mwalimu, tukaandika neno lilelile, na Google ikamtumia kule Babati ujumbe wa kuthibitisha kwamba ni yeye. Akakubali, simu ikafunguka. Tukaingia kwenye `Settings`, sehemu ya `Accounts`, tukaondoa akaunti yake, tukafungua ya jirani yangu na kuiandika nyuma ya daftari la kikoba. Nikamshauri mwalimu abadilishe tena neno lake la siri usiku uleule, maana tulikuwa tumelisikia watu watatu.

Bahati ilikuwa kwamba muuzaji alijulikana na mwalimu ni mtu mwema. Ukinunua kwa kijana anayepita na simu mfukoni kituo cha daladala, utampigia nani?

Namna ya kukagua kabla ya kutoa fedha

Usiridhike kuona simu inawaka, inapiga picha na kufungua WhatsApp. Umeona kwamba ya jirani yangu ilifanya hayo yote. Ukaguzi wa kweli ni mmoja: simu ifutwe mbele ya macho yako, kisha iwashwe upya mpaka mwisho. Tenga nusu saa, na uende ikiwa na chaji ya kutosha.

Kwanza fungua `Settings`, kisha `Accounts` (katika simu nyingine imeandikwa `Passwords & accounts`). Ukikuta barua pepe ya mtu, mwambie muuzaji aiondoe yeye mwenyewe. Mwenye mali ataweza. Asiyeijua namba ya siri ya kioo au neno la siri la akaunti ataanza kutafuta maneno.

Pili, aifute simu kupitia humohumo ndani, si kwa kubana vitufe. Katika simu nyingi ni `Settings`, `System`, `Reset options`, kisha `Erase all data (factory reset)`. Katika Samsung ni `General management`, `Reset`, `Factory data reset`. Njia hii hudai namba ya siri ya kioo ikiwa imewekwa, na ndiyo inayoijulisha simu kwamba mwenyewe ameridhia.

Tatu, na hapa ndipo wengi huharakisha, simu ikiwaka iunganishe na intaneti, hata kama ni kwa bando la simu yako ya zamani au ya mwenzako uliyekwenda naye. Bila intaneti simu haiwezi kuuliza Google. Endelea hatua kwa hatua, uweke akaunti yako, mpaka ufike kwenye kioo cha kawaida chenye picha za programu. Ikidai mchoro au akaunti ya zamani njiani, irudishe mezani. Muuzaji akisema "hiyo ndogo, fundi wetu ataitoa," usilipe kwanza.

Nieleze kidogo kuhusu hao mafundi. Ni kweli wapo wanaoweza kulipita kufuli hili kwa kutumia mwanya fulani katika programu ya simu. Lakini kulipita si kulitoa. Mara nyingi simu iliyopitishwa hivyo hufanya kazi hadi itakapofutwa tena, halafu dai lilelile linarudi. Google nayo huiziba mianya hiyo kila mara, na tangu Android 15 iliyotoka mwaka 2024 kazi hiyo imezidi kuwa ngumu. Isitoshe, fundi hawezi kukuambia kama simu hiyo iliibiwa kwa mama mwenzako.

Kuna pia simu zilizokopeshwa, zile za kulipia kidogo kidogo kila siku. Hizo zina kufuli la mkopeshaji, na kuzifuta hakulitoi. Simu ikiwa mpya mno na bei ni nusu ya ile ya dukani, muulize muuzaji waziwazi kama deni limekwisha, na uone ujumbe wa kumaliza malipo. Ikionyesha jina la kampuni ya mkopo inapowaka baada ya kufutwa, hapo jibu umelipata.

Ukipewa iPhone, mambo ni karibu yaleyale. Fungua `Settings`; jina la mtu likiwa juu kabisa, bado ni yake. Ikiwa imekwisha kufutwa na inaonyesha `iPhone Locked to Owner`, usiinunue hata kwa bei ya kutupa. Tofauti ni kwamba mwenye iPhone aliye mbali anaweza kuiondoa kwenye akaunti yake kwa kuingia `iCloud.com/find`. Kwa Android usitegemee hilo; yafaa akaunti iondolewe kwenye simu yenyewe.

Jambo moja linalochanganya wengi. Tangu TCRA walipozima simu bandia mwezi Juni mwaka 2016, tumezoea kubonyeza `*#06#` tupate namba ya tarakimu 15 inayotambulisha simu. Endelea kufanya hivyo, na uilinganishe na namba iliyo kwenye boksi lake. Lakini namba hiyo inahusu mitandao ya simu: ni halisi au bandia, imefungiwa au haikufungiwa. Haisemi lolote kuhusu akaunti ya Google. Simu yaweza kuwa halisi kabisa na bado isikufae.

Omba risiti yenye namba hiyo ya tarakimu 15, jina la duka na namba ya muuzaji. Jirani yangu hakuwa nayo. Kilichomwokoa ni kwamba kijana alimkumbuka kwa sababu walibishana sana juu ya shilingi 5,000 za kava.

Nawe, kabla ya kumpa mdogo wako simu yako ya zamani au kuiuza, ondoa akaunti yako kwanza, kisha uifute kupitia `Settings` mbele ya anayeichukua. Ukishaivusha Babati bila kufanya hivyo, siku moja utapigiwa na mtu usiyemjua akikuomba neno lako la siri.