Somo Moja, Kazi Tatu

Ndugu wanakikundi, mtoto wako akileta kazi ya marudio tofauti na ya jirani, usidhani mwalimu anabagua. Tuchukue hesabu za sehemu, Gredi ya 5.

Kwanza mwalimu huuliza wote: nusu ukiongeza robo ni ngapi? Anayeandika 2/6 amejumlisha namba za juu, kisha za chini. Lakini 2/6 ni thuluthi, ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo! Huyo hukunja karatasi katikati mara tatu, apate vipande 8. Nusu ni vipande 4, robo ni 2. Jumla 6 kati ya 8, yaani 3/4.

Aliyepata 3/4 bila kuweza kueleza hupewa 1/3 + 1/4, atafute vipande vinavyolingana: kumi na mbili. Aliyeeleza vizuri hupewa shamba: thuluthi ni viazi, robo ni kabeji, maharagwe yamebaki na sehemu gani? Ni 5/12.

Mwishoni wote hujibu nusu kuongeza 1/8. Anayepata 5/8 kwa karatasi hupanda kazi ya pili. Mtoto asipohama muhula mzima, hapo sasa tumuulize mwalimu, kwa sababu makundi yamegeuka kuwa majina.