Laki Moja ya Zamu, Elfu Tisini na Tano Mkononi

Tuchukue daktari mmoja wa kubuni mwenye kliniki ndogo Thika. Mgonjwa akiingia analipa shilingi 1,000 za kumwona daktari, kisha anapewa dawa za 900 palepale dirishani. Wikendi daktari huyo hushika zamu katika hospitali nyingine ya kibinafsi. Pesa zote hizi huishia kwenye simu moja, na mwisho wa mwaka taarifa ya M-Pesa ndiyo anayomkabidhi mhasibu. Hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu fungu la ada, la zamu na la dawa kila moja lina hesabu yake.

Ada ya kumwona daktari ndiyo nyepesi: iliyoingia ni pato. Zamu ndiyo inayowaponza wengi. Daktari anapeleka ankara ya shilingi 100,000 kwa mwezi, lakini zinazoingia benki ni 95,000. Zile 5,000 ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya ada ya kitaalamu, ambayo hospitali hukata na kuipeleka KRA kwa kutumia PIN ya daktari. Hazijapotea: ni kodi aliyokwisha kuilipa. Kwa hiyo daftarini anaandika pato 100,000, na pembeni kodi iliyolipwa 5,000.

Akiandika 95,000 tu, hujuma anajifanyia mwenyewe. Kwa mwaka pato lake linaonekana limepungua kwa 60,000. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mapato yake inatozwa asilimia 30, kodi inashuka kwa 18,000. Lakini kwa kuwa hakudai zile 60,000 zilizokatwa, hasara halisi ni 42,000. Tena KRA inaona hospitali imetaja 1,200,000 na yeye ametaja 1,140,000, na barua ya kumtaka ajieleze haichelewi sana. Dawa yake ni kuhakikisha cheti cha kila makato kimeonekana kwenye iTax mwezi uleule, si kukisaka Juni mhasibu wa hospitali akiwa ameshahama.

Hayo ni ya zamu ya ankara. Ikiwa hospitali inamweka kwenye orodha ya mishahara na kumkata kodi kama mfanyakazi, atapewa fomu ya P9, na pato hilo litajazwa kwenye ukurasa wa ajira. Hapo hawezi kutoa gharama za kliniki yake dhidi ya mshahara huo.

Sasa dawa. Mwaka huo ameuza za 1,800,000 na kununua za 1,300,000. Wengi hutoa moja kwa moja na kupata faida ya 500,000. Lakini Januari mosi rafuni mlikuwa na dawa za 200,000, na Desemba 31 zimebaki za 350,000, kwa bei ya kununulia. Gharama ya zilizouzwa basi ni 200,000 kujumlisha 1,300,000 kutoa 350,000, yaani 1,150,000. Faida ni 650,000. Bila kuhesabu rafu jioni ile ya mwisho wa mwaka, namba hii haipatikani, na hakuna mhasibu atakayeibuni kwa uaminifu. Zilizoharibika au kupitwa na tarehe ziandikwe kando, na ushahidi wa kuteketezwa kwake uwekwe.

Kuna mtego mwingine hapa. Tangu Januari 2024, ununuzi usio na ankara ya eTIMS haukubaliwi kama gharama. Muuza jumla akikuuzia dawa za 300,000 kwa karatasi ya mkono, kwa kodi ni kama hukununua: asilimia 30 yake ni 90,000. Punguzo alilokupa halifiki huko. Nawe unapaswa kuitoa ankara hiyo, kwa mgonjwa na kwa hospitali ya zamu pia. Matibabu kusamehewa VAT hakukuondolei eTIMS, wala kodi ya mapato.

Tuyaunganishe. Ada 2,400,000, zamu 1,200,000 na faida ya dawa 650,000 ni 4,250,000. Tukitoa kodi ya nyumba, mshahara wa muuguzi na gharama nyingine za 1,250,000, yanabaki 3,000,000. Kwa viwango vya sasa, baada ya nafuu ya kibinafsi, kodi ni 808,600. Tukiondoa 60,000 za zuio, inabaki 748,600.

Na zile 1,900 za mgonjwa? Dirishani risiti iwe na mistari miwili, ada na dawa, na nambari ya muamala wa M-Pesa chini yake. Anayeandika ni mhudumu wa mapokezi, kwa hiyo yeye ndiye wa kufundishwa kwanza, kabla ya mhasibu kuajiriwa. Pesa za karo na za sokoni nazo zitafutiwe laini nyingine.