Utepe Mweupe Kando ya Mlingoti

Picha ya jahazi la Lamu iliyopigwa mchana, ikanolewa kupita kiasi kwenye kompyuta, hujitambulisha yenyewe. Mlingoti mweusi umesimama mbele ya anga, na ubavuni mwake, toka juu hadi chini, kuna utepe mweupe, kana kwamba mtu ameukata mlingoti kwa mkasi na kuubandika hapo. Utepe huo haukuwapo baharini. Umeletwa na kichujio cha Unsharp Mask, ambacho kimo katika Photoshop, GIMP na programu nyingine nyingi za kuhariri picha.

Kichujio hiki hakirudishi kitu ambacho lenzi haikukiona. Hutengeneza nakala ya picha iliyotiwa ukungu, huilinganisha na picha yenyewe, kisha tofauti kinayoikuta hukiongezea picha. Mafundi wa chumba cha giza walikuwa na mbinu hiyo hiyo kabla ya kompyuta: walitengeneza nakala yenye ukungu ya negativu na kuilaza juu ya negativu wakati wa kusafisha picha.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwanga wa kila pikseli hupimwa kutoka 0, yaani weusi kabisa, hadi 255, weupe kabisa. Tuseme mlingoti una 60 na anga ina 200. Kwenye nakala ya ukungu, pikseli ya anga iliyopakana na mlingoti imechanganyika na weusi wake na kushuka hadi 165. Tofauti ni 35. Amount ikiwa 100, hiyo 35 huongezwa yote, na pikseli hiyo hupanda hadi 235. Upande wa mlingoti mambo huwa kinyume: 60 hushuka hadi 25. Jicho likiona mruko huo mkubwa, husadiki kwamba picha imekuwa kali. Lakini Amount ikifikishwa 200, anga ingepaswa kufika 270, na kwa kuwa 255 ndiyo mwisho, inabaki nyeupe pe. Huo ndio utepe.

Wengi wakiuona hukimbilia kupunguza Amount. Mara nyingi mkosaji ni Radius, maana ndiyo inayoamua upana wa ukungu, na kwa hiyo upana wa utepe. Radius ikiwa 0.6, utepe ni mwembamba kiasi kwamba jicho haliutenganishi na ukingo. Ikiwa 4, unatambaa pikseli kadhaa ndani ya anga na kila mtu anauona. Ukubwa wa picha pia una neno. Katika chapa ya pikseli 300 kwa inchi, pikseli moja haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, hivyo Radius ya 1 hadi 1.5 hupita salama. Kwa picha ya skrini yenye upana wa pikseli 1000, anza na 0.5.

Threshold ina kazi nyingine. Tofauti iliyo chini ya namba yake huachwa bila kuguswa. Ikiwa 0, hata chengachenga hafifu za anga hunolewa. Ikiwa 4, anga hutulia huku mlingoti, wenye tofauti ya 35, ukiendelea kunolewa. Kwa sababu hiyo hiyo Threshold si dawa ya utepe: utepe huota pale ambapo tofauti ni kubwa.

Utaratibu unaofaa ni huu. Picha ipunguzwe kwanza hadi ukubwa wa mwisho, kisha itazamwe kwa asilimia 100. Amount ipandishwe kwa muda hadi 500, Threshold ikiwa 0, na Radius iongezwe polepole kuanzia 0.3. Utepe ukianza kuonekana wazi, rudi nyuma kidogo. Hapo ndipo Amount ishushwe hadi kati ya 80 na 120, na Threshold ipandishwe mpaka anga itulie.

Mlingoti mweusi mbele ya anga nyeupe huweza kukaidi hata baada ya hayo. Basi noa nakala ya tabaka, si tabaka la asili, na uiweke katika hali ya Darken: itapokea upande wa giza tu. Nakala nyingine iliyonolewa iwekwe katika hali ya Lighten, kwa uzito wa asilimia 30. Ile 235 itabaki kama 210, na ukali wa mlingoti hautapotea.

Picha za simu zina tahadhari yake. Simu nyingi hunoa picha zenyewe kabla ya kuihifadhi faili, kwa hiyo ikuze picha na uchunguze kingo kwanza. Ukikuta utepe umo tayari, usiiguse Unsharp Mask, itauongeza tu.