Rezista hurekebisha upande mmoja tu

Betri ya sola inayoitwa ya volti 12 haikai kwenye 12. Ikitumika sana usiku hushuka mpaka 11, na mchana paneli ikichaji hupanda mpaka 14.4. Sasa chukua kifaa kidogo kinachotaka volti 5, tuseme kipimajoto cha banda la vifaranga. Kikilala hakili mkondo wa kuhesabika; kikiamka na kuwasha kioo chake, kinakula miliampia 20. Njia nyepesi kuliko zote ya kukilisha ni vitu viwili tu, rezista na diodi ya zena. Kazi ni kujua volti 5 hizo zitayumba kiasi gani, na nani wa kulaumiwa zikiyumba.

Diodi ya kawaida ukiipa umeme kinyume hugoma, na ukizidi kuilazimisha huweza kufa. Zena imetengenezwa iachie kwa volteji iliyopangwa kiwandani, kisha iendelee kupitisha umeme kinyume bila kudhurika, mradi mkondo usivuke mpaka. Imepewa jina la Clarence Zener, mwanafizikia Mmarekani aliyeeleza mwaka 1934 namna kihami kinavyosalimu amri mbele ya umeme mkali. Huunganishwa sambamba na mzigo, upande wake wenye mstari ukielekea chanya, nayo hufanya kazi kama bomba la kufurikia kwenye tangi la maji: kile ambacho mzigo haukitaki kinapita huko. Rezista inakaa kati ya betri na hivyo viwili, na ndiyo inayoweka kikomo cha mkondo wote.

Kwa kipimajoto chetu tuchukue 1N4733A. Karatasi yake ya takwimu inasema volti 5.1 mkondo ukiwa miliampia 49, uwezo wa wati 1, na upinzani wa ndani usiozidi omu 7 kwenye mkondo huohuo. Hiyo namba 7 ndiyo yenye mambo. Maana yake ni kwamba kila miliampia inayoongezeka ndani ya zena inapandisha volteji yake kwa milivolti 7. Zena kamili, isiyotikisika hata kidogo, haiuzwi duka lolote.

Rezista huchaguliwa kwa kuangalia saa mbaya kuliko zote: betri imeshuka mpaka 11 na mzigo unakula 20. Hata hapo zena lazima ibakiziwe kitu, tuseme miliampia 10, la sivyo itafunga. Jumla ni 30:

```
R = (11 − 5.1) / 0.030 = 197 Ω
```

Thamani ya karibu iliyo chini yake na inayopatikana kwa urahisi ni omu 180. Betri ikifika 14.4, rezista inabeba volti 9.3, yaani karibu wati 0.48. Ya nusu wati itastahimili kwa kubanana. Weka ya wati 1 ulale usingizi. Zena yenyewe, mzigo ukiwa umelala, itakula kama miliampia 52, ambazo ni robo wati tu.

Sasa uthabiti dhidi ya chanzo: betri inapanda, mzigo haubadiliki, volteji ya kifaa inasogea kiasi gani? Rezista na upinzani wa ndani wa zena vinagawana mabadiliko hayo kulingana na ukubwa wao:

```
ΔVo / ΔVi = 7 / (180 + 7) = 0.037
```

Kila volti moja inayoongezeka kwenye betri inaleta milivolti 37 kwenye kifaa. Kutoka 11 hadi 14.4 ni volti 3.4, kwa hiyo kifaa kinaona badiliko la milivolti 127, kama asilimia 2.5 ya 5.1. Kwa mtambo wa vipande viwili, si haba.

Uthabiti dhidi ya mzigo ni swali jingine. Betri imetulia kwenye 12.6, kifaa kinaamka na kuchukua miliampia 20. Mkondo huo unanyang'anywa zena, na volteji inashuka kwa kadiri ya omu 7 na omu 180 zikihesabiwa sambamba:

```
ΔVo = 0.020 × (180 × 7) / (180 + 7) = 0.135 V
```

Bila mzigo kifaa kinasoma 5.05, kikiamka, 4.92. Kwa desturi tofauti hiyo hugawanywa kwa volteji ya mzigo kamili: 0.135 kwa 4.92, asilimia 2.7.

Zitazame hesabu mbili hizo kwa pamoja. Katika ya kwanza, ukiongeza rezista mara mbili, myumbo wa chanzo unapungua karibu nusu. Katika ya pili, omu 180 na omu 7 sambamba ni 6.7, weka 360 upate 6.9. Hakuna lililobadilika. Uthabiti dhidi ya mzigo ni mali ya zena, na rezista haina la kusema humo. Fundi anayebadilisha rezista ili kuzuia volteji isiporomoke kifaa kinapoamka anapoteza muda. Ukitaka nafuu ya kweli tafuta TL431, ambayo hufanya kazi hiyohiyo ya sambamba kwa upinzani wa kama omu 0.2.

Na kuongeza rezista kuna gharama yake: zena inakosa mkondo. Zile omu 7 zilipimwa kwenye miliampia 49. Mkondo ukishuka zinapanda, na kwenye miliampia 1 karatasi ya takwimu inaruhusu hadi omu 550. Kwa hiyo asilimia 2.7 tuliyoipata ina matumaini kidogo, kwa sababu kifaa kikiwa macho zena imebaki na miliampia 23 tu. Tena usichanganye myumbo na usahihi: herufi A mwishoni mwa jina ni asilimia 5, hivyo zena mbili kutoka mfuko mmoja zinaweza kutofautiana hata kwa nusu volti, ingawa kila moja imetulia kwenye namba yake.

Utajuaje zena imefunga? Pima volteji juu ya rezista ugawanye kwa 180. Huo ndio mkondo wote. Ukilingana na unaoliwa na mzigo, zena haina kitu. Dalili nyingine ni kasi ya kuporomoka: zena ikiwa kazini, kila miliampia ya mzigo inashusha milivolti 7 hivi, ikishafunga, inashusha 180. Mita ikisoma 0.7, zena imewekwa kichwa chini, na bahati nzuri kifaa kimepona. Ikisoma sifuri na rezista inaunguza kidole, zena imekufa kwa kuungana ndani. Mbaya zaidi ni zena iliyokatika, kwani hapo kipimajoto kilicholala kinapokea karibu volti zote za betri.

Mtu atauliza kama mtindo huu unaweza kuchaji simu. Tuseme simu inataka miliampia 500. Kwa hesabu ileile rezista inakuwa kama omu 11.6. Simu ikichomolewa betri ikiwa 14.4, miliampia 800 zote zinaingia kwenye zena: zaidi ya wati 4 ndani ya diodi ya wati 1, na rezista inachoma nyingine 7 na ushei. Hata kipimajoto chetu kina ada. Kilale au kiamke, betri inatoa miliampia 40 hivi, ambazo kwa siku nzima ni kama ampia-saa 1, na nyingi ya hizo zinageuka joto tu.