Boksi Halina Kichwa cha Chaja: Ununue Kipi?

Fungua boksi la Samsung Galaxy A54, simu ya mwaka 2023, na utakuta simu, kipini cha kutolea laini, vikaratasi, na waya mmoja wenye ncha ya taipu C pande zote mbili. Kichwa cha kuchomeka ukutani hakimo. Wanunuzi wengi hudhani muuzaji amekichomoa ili akiuze pembeni. Hiyo nayo hutokea, lakini kwa simu hii na nyingine nyingi, boksi lilitoka kiwandani hivyo hivyo.

Mtindo huu ulishika kasi Oktoba 2020, Apple ilipotoa iPhone 12 bila kichwa cha chaja wala spika za masikioni. Sababu iliyotangazwa ni mazingira: vichwa zaidi ya bilioni 2 vya kampuni hiyo vilikuwa tayari viko mikononi mwa watu, hivyo kutengeneza vingine ni kuongeza taka. Kampuni ilisema pia kwamba boksi likiwa dogo, paleti moja ya mizigo hubeba hadi asilimia 70 zaidi ya maboksi. Miezi mitatu baadaye, Januari 2021, Samsung ikafuata kwa Galaxy S21, na mwaka 2022 ikaufikisha mtindo huo kwenye simu za bei ya kati za familia ya A, ambazo ndizo watu wengi wa kwetu hununua.

Hoja ya mazingira ina ukweli, ila haikusimama peke yake. Kichwa kisichowekwa ni gharama iliyookolewa, boksi dogo ni nauli iliyopungua, na mteja anayerudi dukani kununua kichwa ni mauzo mengine. Tena waya uliokuja na iPhone 12 ulikuwa na ncha ya taipu C upande wa chaja, wakati vichwa vingi ambavyo watu walikuwa navyo nyumbani vilikuwa na tundu pana la zamani la USB. Aliyeambiwa atumie chaja yake ya zamani alikuta waya mpya haiingii humo. Brazili haikuridhika na maelezo hayo. Mwaka 2021 shirika la kutetea walaji la jimbo la São Paulo liliitoza Apple faini ya zaidi ya reali milioni 10, na Septemba 2022 wizara ya sheria ya nchi hiyo ikaongeza faini ya zaidi ya reali milioni 12 na kuagiza iPhone zisizo na chaja zisiuzwe.

Ulaya ilikwenda upande mwingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika kwa simu tarehe 28 Desemba 2024 inataka simu mpya ziwe na tundu la taipu C, na mnunuzi apewe nafasi ya kununua simu bila chaja. Sheria hiyo haikatazi chaja kuwekwa kwenye boksi, ila imeyapa makampuni sababu moja zaidi ya kuiacha. Jema lake ni alama inayopaswa kuonekana kwenye maboksi ya huko: picha ya plagi, ambayo ikipigwa mstari maana yake kichwa hakimo, na picha nyingine yenye idadi ya wati ambazo simu inahitaji. Simu ikiletwa kutoka Ulaya, alama hizo zinakujibu kabla hujafungua boksi.

Si kila kampuni iliyoufuata mtindo huo. Simu nyingi za Tecno na Infinix zinazouzwa kwetu bado huja na kichwa chake. Anayehama kutoka huko kwenda Samsung ndiye hushtuka zaidi, na jambo la kwanza analofanya ni kuchomeka simu mpya kwenye chaja ya simu ya zamani.

Akifanya hivyo, simu haitaharibika. Kinachopotea ni muda. Betri ya Galaxy A54 ni ya mAh 5000, ambazo ni takriban wati 19 kwa saa moja. Kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani kama joto, tuseme ukutani zinatoka kama 23. Kichwa kidogo cha zamani cha wati 5 kitahitaji karibu saa tano kuijaza. Kichwa cha wati 15 kitachukua kama saa mbili. Kichwa cha wati 25, ambacho ndicho kikomo cha simu hii, kitaimaliza kwa saa moja na dakika ishirini hivi, kwa sababu simu hupunguza kasi yenyewe betri inapokaribia kujaa. Kwa mtu anayechaji usiku akiwa amelala, tofauti hiyo haina maana, na sioni kwa nini atumie fedha kununua kichwa kipya ikiwa cha zamani ni kizima na waya wake unaingia kwenye simu. Kwa dereva wa bodaboda anayerudi nyumbani kula na kutoka tena, au mahali ambapo umeme huja kwa saa mbili na kukatika, ni tofauti kubwa.

Wengi hukosea hapa wanapoamini kwamba wati nyingi zinatosha. Simu na chaja huzungumza kabla ya umeme kuongezeka. Zikichomekwa, chaja huanza na volti 5 tu, kisha hutaja viwango inavyoweza kutoa, na simu huchagua. Lugha ya pamoja ya mazungumzo hayo kwenye taipu C huandikwa kwenye chaja kama PD. Samsung inataka nyongeza moja juu ya hiyo, inayoandikwa PPS, ambayo huiwezesha simu kuomba volti zipande na kushuka kidogo kidogo badala ya kuruka kutoka 5 hadi 9. Bila PPS, Galaxy A54 hubaki kwenye wati 15, hata ukiichomeka kwenye chaja ya kompyuta yenye wati 65. Kwa sababu hiyo pia chaja kubwa haiiunguzi simu ndogo: simu ndiyo inayoomba, na haiombi zaidi ya inachohitaji.

Ukiwa kaunta, iwe Kariakoo au Luthuli, chukua kichwa mkononi na usome maandishi madogo kabla ya kuuliza bei. Kichwa halisi cha Samsung cha wati 25 kimeandikwa hivi:

```
INPUT: 100-240V~ 50-60Hz
OUTPUT: (PDO) 9.0V 2.77A or 5.0V 3.0A
(PPS) 3.3-5.9V 3.0A or 3.3-11.0V 2.25A
```

Mstari wa kwanza ni umeme wa ukutani. Masafa hayo ya volti 100 hadi 240 ndiyo yanayokisaidia kuvumilia umeme wetu unapopungua jioni. Mstari wa pili ni viwango vya PD: zidisha 9 kwa 2.77 na utapata zile wati 25. Mstari wa tatu ndio unaoutafuta kwa ajili ya Samsung. Si lazima kichwa kiwe cha Samsung. Kampuni nyingine zinazojulikana kwa chaja hutengeneza vizuri, mradi mstari wa PPS uwepo na ufike volti 11 au karibu na hapo. Kama unachokiona ni neno kubwa tu lililochapishwa ubavuni, "SUPER FAST" au "65W", na maandishi madogo hayataji PPS, simu yako haitafika wati 25.

Mwenye iPhone ana kazi nyepesi. Anahitaji kichwa cha taipu C chenye PD cha wati 20 au zaidi, na PPS si lazima. Aangalie waya tu: hadi iPhone 14 upande wa simu ni ncha nyembamba ya Apple, na kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023 ni taipu C. Wenye Xiaomi, Oppo au OnePlus zenye wati nyingi wajue kwamba kasi ile ya juu kwa kawaida hupatikana kwa kichwa na waya wa kampuni yenyewe. Kichwa cha PD kitazichaji, lakini polepole zaidi.

Ni usalama unaonifanya nisisitize kusoma maandishi. Ndani ya kichwa kuna upande wa volti 230 na upande wa volti chache unaofika kwenye simu, na kinachovitenganisha ni milimita kadhaa za nafasi na plastiki nzuri. Kwenye chaja feki, nafasi hiyo ndiyo hupunguzwa kwanza ili kubana gharama. Mwaka 2016 maabara ya UL ilipima chaja feki 400 zenye jina la Apple. Ni 3 tu zilizofaulu jaribio la uimara wa kizuizi hicho, na 12 zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa umeme. Simu iliyo sikioni huku ikichajiwa na kitu cha namna hiyo ni hatari ya kweli.

Feki hujionyesha kwa njia kadhaa. Huwa nyepesi isivyo kawaida, kwa sababu vifaa vya ndani vimepunguzwa. Maandishi yake hukosewa herufi au hayaeleweki. Kwenye plagi ya miguu mitatu tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda, miguu miwili ya chini inatakiwa kuwa na plastiki nyeusi karibu na mwili wa plagi. Ikiwa ni chuma kitupu hadi mwisho, rudisha kaunta. Na kuna dalili moja inayokuja baada ya kununua: simu ikiwa kwenye chaji, kioo kinaruka, kinabonyeza chenyewe au hakisikii kidole, lakini ukichomoa kinatulia. Mafundi wengi huletewa simu hizo ili kubadilishwa kioo, wakati tatizo ni umeme mchafu unaotoka kwenye chaja.

Upande wa waya, ule uliokuja kwenye boksi unatosha kwa wati 25. Waya wa taipu C pande zote mbili wa kawaida hubeba ampea 3, na hiyo inatosha. Ni simu za Samsung zinazochaji kwa wati 45 zinazohitaji waya wa ampea 5 ili zifike huko. Ukitumia waya wenye ncha pana ya zamani upande mmoja, mazungumzo ya PD hayafanyiki kabisa, hata kichwa kiwe kizuri namna gani.

Jaribu kabla ya kulipa. Chomeka simu ikiwa na chaji chini ya nusu na usome kioo: kwa Samsung, maneno "Super fast charging" yanamaanisha kila kitu kimekubaliana. Ukiona "Fast charging", huenda PPS haipo, au swichi ya "Super fast charging" imezimwa kwenye mipangilio ya betri. Ukiona "Charging" tupu, badilisha waya kwanza, kisha kichwa. Vyote vikiwa vizuri na bado simu inaingiza chaji polepole, mulika ndani ya tundu kwa tochi. Vumbi la mfukoni hushindiliwa humo hadi ncha isiingie sawasawa, na kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, simu ikiwa imezimwa, hukitoa bila kumlipa fundi.