Ramani ya Neno Ubaoni

Walimu wengi hufundisha msamiati kwa orodha: neno kushoto, maana kulia, wanafunzi wananakili. Kesho yake wanaitaja maana bila kukosea, kisha mmoja anaandika, "Nimehifadhi kikombe mezani." Sarufi haina kasoro, ila hakuna Mswahili anayesema hivyo. Mtoto amejifunza maana asijue neno linakaa wapi.

Ramani ya neno inasaidia hapo. Neno huandikwa katikati ya ubao, likazungushiwa duara, na mistari ikatoka kuelekea matumizi yake. Tuchukue hilo hilo "hifadhi", Darasa la Tano, kipindi cha dakika 40. Ramani moja ikichorwa vizuri hula dakika kumi, kwa hiyo mwalimu achague maneno matatu tu, tena yatoke kwenye kifungu kitakachosomwa siku hiyo.

Maana isitangulie. Mwalimu aandike sentensi kwanza, kila moja kwenye tawi lake: watalii wametembelea Hifadhi ya Serengeti, mahindi yamehifadhiwa ghalani, Fatuma amehifadhi Juzuu Amma, wakimbizi wamepewa hifadhi. Ndipo aulize: mbuga, mahindi, sura za Kurani na wakimbizi wana nini cha pamoja? Darasa litapapasa kidogo, mmoja atasema "kuweka", mwingine ataongeza "ili kisiharibike", hadi wafike kwenye kukiweka kitu salama kisipotee wala kudhurika. Hayo ndiyo yaandikwe chini ya duara, kwa maneno yao wenyewe. Tawi jingine libebe mnyambuliko: hifadhiwa, mhifadhi, uhifadhi.

Tawi linalosahaulika zaidi ni la mifano isiyofaa. Dorothy Frayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliipa nafasi yake katika kielelezo chao cha mwaka 1969, na mimi naona ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote. Kikombe mezani kiende huko: kimewekwa tu, hakuna anayekilinda na chochote.

Tahadhari moja. Kaa wa baharini, kaa la moto na kaa kitako ni maneno matatu yanayofanana kwa sauti tu. Ukiyaweka kwenye ramani moja, watoto watatafuta undugu usiokuwepo. Kila moja lichorewe yake.

Ramani isifutwe kipindi kikiisha. Ihamishiwe kwenye karatasi ya manila, ibandikwe ukutani ikiwa na tawi moja tupu. Wiki hiyo atakayelisikia neno redioni au dukani aje ajaze. Pengine ataleta "mfuko wa hifadhi ya jamii".

Mwisho wa wiki funika ramani, uwape sentensi ambayo hawajaiona, kama "Bibi amehifadhi picha za harusi yake," na nyingine yenye kosa. Anayeweza kusema ipi imekaa sawa na kwa nini, amelijua neno. Anayetaja maana tu, mrudishe kwenye matawi.