Kukuza Kipande cha Video Bila Kukizulia Sura

Picha ya video ni jamvi la nukta ziitwazo pikseli, na mwangaza wa kila nukta huandikwa kwa namba, ndogo kwa weusi na kubwa kwa weupe. Chukua mfano wa video ya kandanda yenye upana wa nukta 640 na kimo cha 360. Ili mchezaji mmoja aonekane vizuri, hukatwa sehemu ya nukta 320 kwa 180, kisha hukuzwa hadi 1280 kwa 720. Nukta 57,600 zimekuwa 921,600; yaani, kwa kila nukta iliyotoka katika kamera, 15 zimekisiwa kutokana na jirani zake.

Makisio hayo hulainisha kingo, na hapo ndipo picha huhitaji kunolewa. Kompyuta hutengeneza nakala yenye ukungu, huitoa katika picha, na tofauti inayopatikana huiongeza kwenye picha ileile. Tuseme ukingo wa jezi una nukta hizi: 60, 60, 90, 150, 180, 180. Kila nukta ikipewa wastani wake na wa jirani zake wawili, ukungu huwa 60, 70, 100, 140, 170, 180. Tofauti ikiongezwa, hupatikana 60, 50, 80, 160, 190, 180. Ukingo umekuwa mkali zaidi, lakini 50 ni nyeusi kuliko kitambaa cheusi, na 190 ni nyeupe kuliko kitambaa cheupe. Mistari hiyo ya uongo ndiyo utepe unaozunguka vitu vilivyonolewa kupita kiasi. Dawa yake ni kuizuia kila nukta isivuke kiwango cha jirani zake: 50 hurudi 60, na 190 hurudi 180, ilhali 80 na 160 hubaki.

Kasoro ya pili ni chembechembe. Kunoa hakutambui tofauti kati ya jani la nyasi na uchafu wa kamera, vyote huvikoleza. Kwa hiyo uchafu huondolewa kabla ya kukuza, ungali mdogo. Programu ya ffmpeg hufuata mpangilio huo hivi:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf "crop=320:180:200:90,hqdn3d=2,scale=1280:720:flags=bicubic:param0=0.333:param1=0.333,cas=0.3:planes=1" mpya.mp4
```

Hapa `hqdn3d` husafisha, `scale` hukuza, na `cas` hunoa mwangaza tu bila kugusa rangi, ikipunguza nguvu yake palipo na tofauti kubwa tayari.

Matokeo yachunguzwe video ikiwa inacheza. Utepe ukionekana kuzunguka kichwa cha mchezaji, au nyasi zikichemka kama maji, 0.3 ipunguzwe. Hata hivyo, ikiwa pengo linalotofautisha 3 na 8 mgongoni mwake lilikuwa dogo kuliko nukta moja, namba hiyo haikurekodiwa kamwe. Picha itakayoionyesha waziwazi itakuwa imeibuni.